Pindo la sketi halifuati soko la hisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya mitindo iliyodai kwamba katika karne ya 20 uchumi uliposhamiri sketi zilipanda, na uchumi ulipoanguka zikashuka. Kanuni hiyo huhusishwa na Mmarekani George Taylor, aliyechunguza biashara ya soksi za kike miaka ya 1920, na inapendwa kwa sababu inakumbukika upesi. Mimi ni fundi cherehani na ninafundisha ukataji. Nikiitazama kwa jicho la meza ya kukatia, sioni inavyosimama.

Ushahidi unaotajwa sana ni wa 1929. Ni kweli kwamba sketi zilizofika magotini kati ya 1926 na 1927 zilirudi chini wakati dunia ilipoingia katika mdororo. Lakini mbunifu Jean Patou wa Paris alizirefusha katika maonyesho yake ya majira ya joto ya 1929, na soko la hisa la New York lilianguka Oktoba. Pindo lilitangulia. Hata Vita vya Kwanza vinaikataa kanuni hii: mwaka 1915 na 1916, huku Ulaya ikizika vijana wake, sketi zilifupishwa hadi juu ya vifundo vya miguu, na wakati huohuo zikapanuliwa kuliko zilivyokuwa kabla ya vita.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza, kuanzia tarehe 1 Juni 1941. Siku hiyo serikali iliweka mgao wa nguo. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka mzima, na baadaye zikapunguzwa. Gauni la sufu lilidai kuponi 11, la pamba au rayoni 7, na jozi ya soksi ndefu 2. Bei nayo ililipwa kama kawaida, kwa hiyo mwenye pesa bila kuponi alitoka dukani mikono mitupu.

Mwaka 1942 sheria ikaingia ndani ya mshono wenyewe. Gauni halikuruhusiwa kuwa na mifuko zaidi ya miwili wala vifungo zaidi ya vitano. Sketi haikuruhusiwa kuzidi mishono sita, na marinda yalihesabiwa: mawili ya boksi, au manne ya kukunjwa upande mmoja. Suruali za wanaume zilipigwa marufuku kukunjwa miguuni, na wanaume wengi wakanunua ndefu kuliko kimo chao ili wakakunje wenyewe nyumbani. Serikali iliwaomba wabunifu wakubwa wa London, akiwamo Norman Hartnell aliyemshonea Malkia, wachore mavazi mazuri yasiyovuka mipaka hiyo. Ukikuta vazi la wakati ule leo, tafuta kwenye lebo CC41, alama ya serikali ya mavazi ya mpango huo.

Tazama sasa umbo lililotokana na masharti hayo. Mabega mapana yenye pedi yalikuwa yameanza kabla ya vita, yakabaki, kwa maana bega halili kitambaa kingi. Kiuno kikawa cha kawaida, na sketi ikashuka wima na kukomea chini kidogo ya goti. Tuna sketi fupi katika miaka ya dhiki kuu, kinyume kabisa na kanuni ya makala yenu. Sababu yake ni kwamba sufu, pamba na viwanda vya kufuma vilitakiwa kwa sare za askari, na sheria ikafunga kilichobaki.

Kisha vita vikaisha, na tarehe 12 Februari 1947 mbunifu Christian Dior akaonyesha mkusanyiko wake wa kwanza, namba 30 Avenue Montaigne, Paris. Mabega yakateremka na kuwa ya mviringo, kiuno kikabanwa, nyonga zikajazwa, na sketi ikafunguka hadi karibu na vifundo vya miguu. Ufaransa haikuwa imetajirika, na Uingereza ilikuwa bado katika mgao, ambao kwa nguo ulidumu hadi Machi 1949. Ila aliyemfadhili Dior alikuwa Marcel Boussac, mfalme wa viwanda vya pamba, na mtu wa namna hiyo hana hasara sketi ikihitaji kitambaa kingi.

Niwafanyie hesabu, kwani hapa ndipo penye uzito. Chukua kitambaa chenye upana wa sentimita 90 na mteja mwenye kiuno cha sentimita 66. Sketi nyembamba ya urefu wa sentimita 60 ina kipande cha mbele na cha nyuma. Ukiweka na posho ya mshono na pindo, mita 1.3 inatosha. Sasa kata sketi ya duara kamili ya urefu wa sentimita 75. Gawa 66 kwa 6.28, upate nusu kipenyo cha kiuno, sentimita 10.5. Ongeza urefu, inakuwa 85.5, ongeza sentimita 2 za pindo, inaingia kwenye upana wa 90 kwa shida. Unahitaji nusu duara mbili, kila moja ikinyoosha sentimita 175 za kitambaa, jumla mita 3.5. Umeongeza sentimita 15 tu za urefu, lakini kitambaa kimekuwa karibu mara tatu, na pembe zilizobaki ni vipande visivyotoa hata mkono wa blauzi. Na huu ni mkato wa kiasi: yapo magauni ya Dior ya marinda yaliyomeza zaidi ya mita 10. Ndiyo maana waziri wa Uingereza Stafford Cripps alizipinga sketi ndefu waziwazi.

Wanawake wa kawaida walikwama kwa jambo ambalo fundi yeyote atalielewa. Zamani, sketi ikipitwa na wakati unafumua pindo na kuishusha. Lakini Marekani nayo ilikuwa na amri yake ya vita, L-85 ya 1942, iliyozuia pindo kuzidi inchi 2. Hapakuwa na cha kushusha. Waliotaka mtindo mpya bila kununua gauni jipya waliunga mkanda wa kitambaa cha rangi nyingine chini ya sketi. Ukiona mkanda wa namna hiyo kwenye vazi la miaka ya 1940, usidhani mara moja kwamba ni pambo.

Nyuzi mpya nazo zina hadithi yao. Nailoni ya kampuni ya DuPont iliingia madukani Marekani kote kama soksi tarehe 15 Mei 1940. Muda si mrefu ikachukuliwa na jeshi kwa parachuti na kamba, hivyo miguu ikabaki wazi katika miaka ileile ambayo sheria ilifupisha sketi. Sketi ya juu ya goti iliwezekana kuvaliwa na wengi miaka ya 1960 kwa sababu soksi zilikuwa zimeunganishwa hadi kiunoni. Soksi za zamani zilishikwa na vibanio pajani, na sketi ikipanda kupita hapo, vibanio na ngozi vyote vinaonekana.

Naomba basi, mtakapochapa tena picha ya vazi la zamani, muandike chini yake mwaka, aina ya kitambaa, na kama nchi ilikuwa katika mgao. Wanafunzi wangu husoma ukurasa wenu, na walinijia na ile kanuni wakiwa wameinakili daftarini.

Mwalimu wa ushonaji,
Morogoro