Shosho Ameanguka Lakini Bado Anatembea: Kwa Nini Tunataka Picha ya Nyonga

Hapa kwetu Umoja tunapiga eksirei za kila aina, lakini kuna moja familia nyingi hukawia kuja nayo, na ni ile ya mzee ameanguka halafu akaamka mwenyewe. Chukua mfano wa shosho wa miaka 79, ameteleza bafu usiku, asubuhi anatembea na mkongojo akichechemea, analalamika tu uchungu wa kinena na kidogo kwa goti. Kijana wake akamkanda na mafuta, akampa Panadol, siku ya tatu ndio wakafika. Akatuambia, "Daktari, si angekuwa amevunjika hangeweza kukanyaga?"

Anaweza, hiyo ndio shida yenyewe.

Tunaanza na picha moja ya mbele inayoshika nyonga zote mbili, kwa sababu upande mzima ndio unatuonyesha upande mgonjwa unakaa aje. Miguu tunaizungusha kidogo ndani, kama digrii 15, ndio shingo ya mfupa wa paja ionekane kwa urefu wake wote, lakini akiumia tunaacha, hatulazimishi. Halafu tunapiga ya pili kutoka upande, tukiinua ule mguu mzima, ule unaouma unabaki umelala.

Shingo yenyewe ni kile kipande kinachounganisha kile kichwa cha mviringo kinachoingia kwa nyonga na mfupa mrefu wa paja. Kwa picha ya shosho kichwa kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea nje, na shingo imekatwa na kamstari keupe. Watu hutafuta ufa mweusi, wasipouona wanasema ni mzima, kumbe vipande vikisukumana vikaingiliana hapo mfupa unakuwa mzito na kwa filamu unatoka mweupe. Vimeshikana, ndio maana anakanyaga, na mguu wake kwa macho hauna kasoro.

Ile imeachana kabisa hata wewe utaiona. Mguu unakuwa mfupi, kidole gumba kinaangalia nje, na hawezi kuuinua kitandani. Kwa picha kuna mviringo laini unaotoka chini ya mfupa wa kinena hadi upande wa ndani wa shingo, madaktari wanauita mstari wa Shenton, sasa hapo unakuwa umevunjika, upande mmoja uko juu ya mwingine. Kama ni hivyo hata msipitie kwetu, itisheni ambulansi mwende moja kwa moja hospitali iliyo na thieta na daktari wa mifupa, picha atapigwa huko.

Sasa haraka ni ya nini? Mishipa mingi ya damu ya kile kichwa inapanda imelala juu ya shingo yenyewe, kwa hivyo shingo ikivunjika na kusogea mishipa inakatika au inabanwa, na kichwa kinaweza kufa. Kwa shosho wetu vipande havikuwa vimeachana, kwa hivyo kazi ilikuwa ndogo, skrubu mbili tatu kupitia kipasuko kidogo kando ya paja. Lakini kila hatua anayotembea kwenda choo inaweza kuvitenganisha, na vikitengana kwa mtu wa umri huo kwa kawaida hawajaribu tena kuunga, wanatoa kichwa na kuweka cha chuma, yaani oparesheni kubwa zaidi kwa mtu yule yule.

Kwa ile imeachana tayari, hapo haraka si ya kuokoa kichwa tena, ni ya kumtoa mzee kitandani. Akilala siku nyingi mapafu yanashika nimonia, damu inaganda miguuni, vidonda vya kulalia vinaanza matakoni na visiginoni, na wengine wanachanganyikiwa hadi hawajui watoto wao. Ndio maana madaktari hujaribu kufanya ndani ya saa 48, na mara nyingi kesho yake anasimamishwa na mtu wa fizio. Kuning'iniziwa uzito mguuni hakuungi shingo hii, na kungoja wiki mbili ati presha ikae sawa mara nyingi kunamuumiza zaidi. Dawa za kuzuia damu kuganda ni kitu kingine, hizo zinaweza kuchelewesha kidogo, kwa hivyo bebeni dawa zake zote na pakiti zake.

Na kuna hii ya mwisho. Wachache picha yao inatoka safi kabisa na bado wamevunjika, hasa mifupa ikiwa imepungua nguvu. Mzee ameanguka, kinena kinauma, hawezi kukanyaga vizuri, na ripoti yetu inasema hatuoni kitu: hapo tunaandika aende MRI, ama CT skani kama MRI haipatikani haraka. Msituone tunatafuta pesa, sisi hizo mashine hatuna.

Picha tunawatumia kwa Watsap mkiwa bado kwa benchi, ili daktari wa hospitali aanze kupanga kabla hamjafika. Msimkande, msivute mguu, na kama hawezi kusimama msimpandishe matatu.