Kipimamvua kimoja, masomo manne

Mhariri,

Nafundisha darasa la tano hapa Mwanza. Kwenye andalio la somo mazingira ni suala mtambuka, lakini mara nyingi huishia kuwa sentensi moja ubaoni: "Tutunze mazingira." Watoto wananakili, kengele inalia. Naomba niwaeleze walimu wenzangu tulichojaribu msimu huu wa mvua.

Tulichukua chupa ya maji iliyonyooka pembeni, tukaikata chini ya mabega, kipande cha juu tukakipindua kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo tulitia kokoto na maji hadi yakazifunika, tukachora sifuri hapo na kubandika rula kuanzia mstari huo. Kila saa tatu asubuhi wanafunzi wawili wanasoma, wanaandika kwenye daftari, kisha wanamwaga maji hadi sifuri.

Asubuhi moja tulipata milimita 24. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, kwa hiyo kipindi cha Hisabati kilitoa lita 3,840. Watoto wakaligeukia simtanki letu la lita 2,000. "Mwalimu, mengine yalienda wapi?"

Swali hilo likawa somo la Jiografia. Tuliufuata mtaro kwa macho na kwa ramani: mlimani, katikati ya mawe na nyumba, hadi Mto Mirongo, kisha ziwani. Kwa Sayansi nilichota mwenyewe maji ya mtaroni, maana si salama watoto kuyashika, nikayaacha kwenye chupa mbili zilizofungwa. Yaliyotoka kwenye udongo mtupu yaliacha tope nene chini. Yaliyopita kwenye nyasi yaliacha utando tu. Tope hilo hubeba fosforasi, na gugu maji hustawi kwa chakula hicho.

Siku nyingine tuligawana makundi, kila moja na chupa yake; kundi moja liliandika milimita 61 na jingine 24. Sikufuta. Katika Kiswahili kila kundi liliandika ripoti kutetea kipimo chake, na wa 61 ndio waliogundua wenyewe kwamba chupa yao ilisogezwa chini ya michirizi ya bati. Sijawahi kusahihisha insha zilizoandikwa kwa ari namna ile.

Jambo moja walimu tuwe nalo makini. Baada ya wiki mbili za jua kali watoto walisema tabianchi imebadilika. Hapana, hiyo ni hali ya hewa. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30 hivi. Ndiyo maana daftari letu halirudi nyumbani na mtoto yeyote. Mwezi wa kumi na mbili tutawakabidhi darasa la nne, pamoja na chupa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mwanza