Kabla ya kunukuu matokeo, hesabuni waliobaki: barua kwa wanaoandika sura ya pili

Wanangu wa uzamili na uzamivu,

Salamu kwenu nyote. Nimesoma rasimu nyingi za mapitio ya machapisho, na sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii: "Fulani na wenzake waligundua kwamba..." Kisha nukta, na fulani mwingine anaingia. Mwishoni nafahamu kila mmoja alihitimisha nini, lakini sijui kwa nini nimwamini hata mmoja wao. Leo nataka tuichukue sentensi moja ya namna hiyo tuifungue hadi ndani.

Sentensi yenyewe huwa hivi: "Shoda, Mischel na Peake (1990) walithibitisha kwamba mtoto anayeweza kujizuia akiwa mdogo hufaulu zaidi masomoni akikua." Wengi wenu mnalijua jaribio hilo la peremende. Mtoto wa miaka minne hivi anaachwa chumbani na kitu kitamu. Akisubiri mpaka mtafiti arudi, anapata viwili. Akishindwa, anapiga kengele na kupata kimoja. Miaka mingi baadaye, waliosubiri muda mrefu walionekana kupata alama za juu katika SAT, mtihani unaotumika kuombea nafasi vyuoni Marekani.

Sasa fungueni sehemu ya mbinu. Majaribio yalifanyika kati ya 1968 na 1974 katika shule ya chekechea iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, na wazazi wengi walikuwa walimu au wanafunzi wa chuo hicho hicho. Walioshiriki walikuwa watoto 653. Walipotafutwa baadaye, taarifa zilipatikana kwa 185 tu. Kati ya hao, wenye alama za SAT walikuwa 94. Na bado hatujafika chini. Watoto hawakupimwa kwa namna moja: wengine waliona peremende mbele yao na wengine walifunikiwa; wengine walifundishwa mbinu ya kujisahaulisha na wengine waliachwa wajitafutie. Uhusiano mkubwa na SAT ulijitokeza katika kundi moja tu, la walioiona peremende na hawakufundishwa mbinu yoyote. Wenye alama za SAT katika kundi hilo walikuwa watoto 35.

Naomba mkae na hiyo 35 kidogo. Kwa watoto hao, uhusiano kati ya dakika za kusubiri na alama za SAT ulikuwa 0.42 kwa sehemu ya lugha na 0.57 kwa sehemu ya hisabati. Zikisomwa peke yake ni namba nzito. Lakini chukueni kikokotoo mtafute mpaka wa chini na wa juu kwa uhakika wa asilimia 95: ile 0.42 inaweza kuwa popote kuanzia takriban 0.10 hadi 0.66. Yaani data hiyo hiyo inakubaliana na uhusiano hafifu usiomsaidia mwalimu yeyote, na inakubaliana pia na uhusiano wenye nguvu sana. Hesabu hii haikuhitaji data ghafi. Ilihitaji namba mbili zilizochapishwa, uhusiano na idadi ya watu, ambazo kila mmoja wenu anaweza kuzipata.

Tuwatendee haki waandishi: wao wenyewe walionya kwamba kwa sampuli ndogo kiasi hicho, ukubwa halisi wa uhusiano huenda umetiwa chumvi. Onyo hilo limo ndani ya makala. Limepotea njiani kwa sababu kila anayefuata amemnukuu aliyemtangulia, na neno "walithibitisha" likazidi kukomaa kila lilipopita mkononi mwa mtu mpya. Ndiyo maana nawasihi msinukuu kazi ambayo hamjaifungua. Kama mmeipata kupitia mwingine, semeni hivyo.

Baada ya ukubwa wa sampuli linakuja swali gumu zaidi: dakika zile zilikuwa zinapima nini? Neno "kujizuia" ni tafsiri ya mtafiti; kilichopimwa ni muda. Mwaka 2013 Kidd, Palmeri na Aslin walichukua watoto 28. Kwanza mtu mzima aliwaahidi vifaa bora vya kuchorea. Nusu waliletewa, nusu wakaambiwa havipo. Ndipo wakapewa jaribio la peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi, waliovunjiwa dakika 3 hivi. Utafiti huo nao ni mdogo, na nitakasirika mkiugeuza kuwa ushahidi wa mwisho. Lakini watoto waligawanywa makundi kwa bahati nasibu, kwa hiyo una haki ya kusema kwamba imani kwa aliyeahidi inaweza kubadili muda wa kusubiri. Ule wa 1990 ulifuatilia tu walivyokuwa watoto. Hauwezi kukuambia kwamba kumfundisha mtoto kusubiri kutampandishia alama.

Mwaka 2018 Watts, Duncan na Quan walirudia swali hilo kwa watoto zaidi ya 900, wakiweka mkazo kwa wale ambao mama zao hawakuwa na shahada. Uhusiano na ufaulu wa umri wa miaka 15 ulikuwa karibu nusu ya ule wa awali, na ulipungua kwa takriban theluthi mbili walipozingatia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa akili wa mtoto kabla ya hapo.

Hapa ndipo wengi wenu hukimbilia kuandika: "Watts na wenzake (2018) walipinga." Hilo ni kosa lile lile, limebadili upande tu. Fungueni mbinu zao pia. Kusubiri kulikomea dakika 7, hivyo aliyeweza kusubiri 15 alihesabiwa sawa na aliyeishia 7, na wengi walifika kikomo hicho. Kipimo cha mwisho hakikuwa SAT. Na kuondoa mchango wa uwezo wa akili kuna utata wake: kama kujizuia ni sehemu ya uwezo huo, au kunasaidia kuujenga, umeondoa pamoja nao sehemu ya kitu ulichokuwa unakitafuta. Watafiti wengine wamelihoji hilo hadharani, na mjadala huo ndio unaostahili nafasi katika sura yenu.

Aya yenu ingeweza kusomeka hivi: "Shoda na wenzake (1990) waliripoti uhusiano wa 0.42 na 0.57 kati ya muda wa kusubiri na alama za SAT, lakini kwa watoto 35 waliotoka katika chekechea ya jumuiya moja ya chuo kikuu. Katika sampuli kubwa na yenye mchanganyiko zaidi, Watts na wenzake (2018) walipata uhusiano mdogo, uliopungua zaidi baada ya kuzingatia hali ya familia na uwezo wa awali, ingawa kikomo cha dakika 7 kinazuia ulinganisho wa moja kwa moja. Ushahidi huu unaunga mkono kuwepo kwa uhusiano, lakini hautoshi kudai kwamba kujizuia ndicho chanzo cha ufaulu."

Si lazima kila kazi mnayoitaja ipewe aya nzima. Kazi inayotajwa kwa kupita ipewe nusu sentensi: nani walipimwa, wangapi, kwa kipimo gani. Zile tatu au nne ambazo hoja yenu yote imezisimamia, zifungueni kama tulivyoifungua hii, na muanzie na ile mnayoipenda zaidi.

Wenu,
Mwalimu wenu mzee