Tangazo lako linatazamwa sana na haliuzi? Msikimbilie kushusha bei

Kazi yetu ni kuwasomea wauzaji wa eBay ripoti za matangazo yao, na wiki hii dada mmoja ametuambia tena: "Mnanitoza shilingi elfu tatu kunisomea namba ambazo naziona mwenyewe kwenye simu." Namba unaziona, dada, hilo hatubishi. Lakini wengi wanaotuletea maduka yao ya eBay huangalia idadi ya waliotazama tu, kisha wanapunguza bei siku hiyohiyo.

Chukua mteja wetu mmoja aliyeko Uingereza, muuza kanga na vikapu. Doti moja ya kanga ilitazamwa mara 412 kwa siku 30 na haikuuzika hata moja. Pembeni yake doti nyingine ilitazamwa mara 96 tu na kuuza 3. Alipotufikia alikuwa ameshaishusha ile ya kwanza kutoka pauni 18 hadi 14, na alikuwa anajiandaa kulipia matangazo ya kuipandisha juu. Yale ya kulipia kila mtu anapobofya, yaani pesa inaondoka mtu anunue asinunue.

Tukaingia Seller Hub, Performance, halafu Traffic, tukapakua ripoti ya matangazo yote. Watu hawapendi kuipakua kwa sababu inafunguka kama jedwali refu, lakini kwenye jedwali hilo ndiko kunakoonyeshwa watazamaji wametoka wapi. Kati ya wale 412, 240 walitoka nje ya eBay. Mama mwenyewe akacheka: kiungo alikuwa amekirusha kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi, na marafiki zake wakaja kuangalia mtindo na kusoma jina la kanga. Hao si wanunuzi. Waliobaki, 172, ndio waliokuwa wakitafuta kitu cha kununua.

Je, 172 bila mauzo ni tatizo au ni bahati mbaya? Duka lake kwa jumla huuza mara 2 kwa kila kutazamwa 100. Kwa kiwango hicho, tangazo lililotazamwa mara 40 linaweza kukosa mnunuzi karibu nusu ya nyakati bila kuwa na kasoro yoyote. Likifika 150 na bado ni sifuri, uwezekano wa kuwa ni bahati tu unashuka hadi kama 5 kwa 100. Kwa hiyo hili lilistahili kukaguliwa. Wapo wanaotuletea tangazo lililotazamwa mara 25 wakitaka tiba, nasi huwarudisha bila kuwatoza.

Kukagua kwetu ni kulifungua tangazo kama mgeni, kwenye simu, bila kuingia kwenye akaunti ya muuzaji. Picha nzuri, maelezo yanasema wazi ni vipande viwili, vipimo vipo. Tukateremka hadi gharama ya posta: pauni 9.80! Kwa kanga, kitu unachokikunja kikaingia kwenye bahasha. Ile doti inayouzika ilikuwa na posta ya pauni 3.99. Kumbe tangazo hili alilitengeneza kwa Sell similar kutoka kwenye tangazo la kikapu kikubwa, na utaratibu wa posta ya kikapu ukaja nalo. Mnunuzi alivutwa na picha, akafungua, akaona posta, akaondoka. Zile pauni 4 alizopunguza zisingemsaidia, maana hata baada ya punguzo mtu alilipa pauni 23.80, wakati kwa bei ya zamani na posta sahihi angelipa 21.99.

Tulibadilisha posta na kurudisha bei ya pauni 18. Picha na jina hatukuvigusa. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, lisipouza hujui lipi limekuharibia, likiuza hujui lipi limekuponya. Wiki tatu baadaye doti mbili zilikuwa zimeondoka. Ile fedha ya matangazo bado anayo.

Si kila mara ni posta. Kaka mmoja muuza kofia za kushona kwa mkono alikuwa na watazamaji tele na maswali yaleyale kwenye ujumbe: "Inaingia kichwa cha sentimita ngapi?" Aliwajibu mmojammoja mwezi mzima, kipimo hakukiandika kwenye tangazo. Kabla ya kutulipa, hebu soma maswali unayoulizwa.

Na kama tangazo linajitokeza mara nyingi kwenye utafutaji lakini watu hawalifungui, huo ni ugonjwa mwingine, wa picha ya kwanza na jina. Ndiyo sababu tunataka safu ya Impressions na ya kutazamwa zote mbili, si picha ya skrini yenye namba moja.

Tusichopenda ni mtu kufuta tangazo na kuliweka upya "lipate nguvu". Kama lilishawahi kuuza, unatupa rekodi ya mauzo ambayo mnunuzi huiona, nasi tunabaki bila cha kulinganisha.

Ukitaka tukusomee, tuma faili ya ripoti ya siku 30 pamoja na viungo vya matangazo mawili, linalouza na lisilouza. Shilingi elfu tatu ni kwa matangazo hadi kumi, na majibu huchukua siku mbili kwa sababu kila tangazo tunalifungua kwa mkono.