Mezani 100, mshindi 85: mbona hesabu hiyo hamkuiandika?

Mhariri,

Nasoma gazeti hili tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki mbili zilizopita, ile ya vijana "wanaovuna kwa akili zao" kwa kucheza ludo na karata za fedha kwenye simu, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu alimpa nafasi msemaji wa kampuni aseme kwamba hii si kamari, kwa kuwa mchezaji anapambana na mchezaji mwenzake na kampuni haina upande wowote. Habari ikaishia hapo. Hakuulizwa kwamba watu wakiweka fedha mezani, mshindi anaondoka na ngapi. Hakuulizwa pia huyo mchezaji mwenzake tunajuaje kuwa ni mtu.

Maneno hayo hayo niliyasikia India mwaka 2021, nikiwa mwanafunzi wa biashara mjini Pune. Baba yangu yuko Wete, Pemba, na ada yangu ilitoka kwenye karafuu. Wimbi la pili la korona lilipofunga mji tulikaa chumbani miezi, na mwenzangu wa chumba akanionyesha ludo ya fedha kwenye simu yake. Si ile ludo ya kibarazani ya kungoja sita ndipo kete itoke. Kete zote zinaanza zikiwa nje, kila hatua ni pointi, ukila kete ya mwenzako unaongezewa, na dakika kumi zikiisha mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Nilikuwa mchezaji mzuri, na hilo silisemi kwa kujisifu, maana ndilo lililonipoteza.

Meza niliyoizoea ilikuwa ya watu wawili, kila mmoja rupia 50. Mezani 100, mshindi anapewa 85, kampuni 15, na makato hayo iliyaita ada ya jukwaa. Kwa kuwa nilikuwa nasomea uhasibu, nilikuwa na daftari. Nilicheza michezo 240 kwenye meza hiyo, nikashinda 126 na kushindwa 114. Mtu yeyote atakwambia huyo ni mshindi. Sasa piga hesabu nami, Mhariri. Nilitoa rupia 50 mara 240, yaani 12,000. Nilipokea 85 mara 126, yaani 10,710. Nimewashinda wenzangu na bado nimepoteza rupia 1,290. Ili nisipate hasara ilinibidi nishinde michezo 142 kati ya 240, karibu sita katika kila kumi. Wachezaji wa nguvu sawa hawafikishi hapo, na mfumo wenyewe unajinadi kwamba unakupangia mtu wa nguvu sawa na yako.

Ndiyo maana neno "haina upande" linanikera. Chukua ndugu wawili, kila mmoja ana shilingi 10,000, wanacheza kwa 1,000 kila mchezo, na kampuni iwakate asilimia kumi tu, ambayo ni nafuu kuliko niliyokatwa mimi. Tuseme wanapokezana ushindi, leo wewe kesho mimi. Hakuna aliyemzidi mwenzake, lakini kila mchezo unatoa shilingi 200 mezani ambazo hazirudi. Mchezo wa 83 ukiisha, mmoja ana 2,600, mwingine ana 800 zisizotosha kuweka mezani tena, na kampuni ina 16,600. Kwa dakika kumi kumi hizo ni karibu saa kumi na nne, mwishoni mwa wiki moja tu. Huyo aliyechukua 16,600 katika 20,000 ndiye mliyemwachia msemaji amwite asiye na upande.

Wala hizi si hesabu za kwangu peke yangu. Mwaka huo huo wa 2021 programu moja ya ludo ilifikishwa Mahakama Kuu ya Bombay, na mlalamikaji alieleza meza ya watu wanne: kila mmoja rupia 5, mshindi 17, kampuni 3. Hakimu wa chini alikuwa amekataa malalamiko yake kwa hoja kwamba ludo ni mchezo wa ujuzi. Mabishano yaliyosikika zaidi yakawa juu ya dadu, kama ni bahati au ni akili. Zile rupia 3 hazikusikika sana.

Na hapa ndipo penye kuniudhi zaidi, kwa sababu hoja yenyewe ya "mchezo wa akili" ina asili yake, na asili hiyo inasomwa nusu. Mahakama ya Juu ya India, katika uamuzi uliochapishwa 1968, ilisikiliza kesi ya klabu moja ya Secunderabad ambako watu walikamatwa wakicheza rami kwa fedha. Majaji walisema rami si bahati tupu kama karata tatu, kwa sababu inataka kukumbuka karata zilizoanguka na ustadi wa kushika na kutupa. Sentensi hiyo imenukuliwa tena na tena na kampuni za michezo ya fedha. Lakini uamuzi huo huo uliendelea kusema kwamba ikiwapo ushahidi kuwa mwenye nyumba au klabu anajipatia faida kutokana na mchezo huo wa fedha, kosa linaweza kuthibitika. Yaani swali la pili la majaji lilikuwa juu ya mwenye meza na anachokichukua, na ndilo swali ambalo kampuni hazilinukuu na gazeti letu halikuliuliza. India yenyewe imechoka na mabishano hayo: Agosti 2025 Bunge lilipitisha sheria inayopiga marufuku michezo ya mtandaoni ya kuweka fedha, iwe ya ujuzi, ya bahati au ya mchanganyiko, Rais akaisaini tarehe 22, na kampuni kubwa zikafunga meza zao za fedha. Sisi huku ndiyo kwanza tunapiga picha vijana wakitabasamu na simu.

Narudi kwangu. Nilipoona meza ya 50 inanitafuna nilifanya walichofanya wengi, nikapanda meza ya 500 ili nirudishe kwa haraka. Hapo nilicheza michezo 40 nikashinda 11, nikapoteza rupia 10,650, na zilikuwa sehemu ya ada. Inawezekana wa meza ya juu walikuwa hodari kuliko mimi, sikatai. Lakini kuna kitu mwenzangu wa chumba alikiona kabla yangu. Mtu anayecheza ludo hana mwendo mmoja. Kete moja tu ikiwa ndiyo inayoweza kwenda, anaigusa papo hapo. Akiwa na uamuzi, ale kete au akimbie na yake, anasita, sekunde tano, nane, wakati mwingine saa inakaribia kumwishia. Tulirekodi skrini kwa simu ya pili tukapima. Wapinzani kadhaa wa meza ile walitumia muda ule ule, kama sekunde tatu, wawe na njia moja au wawe na nne. Hawakukatikiwa mtandao hata mara moja, katika mji ambao mimi nilikatikiwa kila jioni. Saa tisa za usiku mpinzani alipatikana ndani ya sekunde mbili. Nikibonyeza turudiane, wao hawakukubali kamwe.

Niliandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuwa mistari miwili, kwamba wapinzani wote ni wachezaji halisi. Sikuweza kuthibitisha kinyume, na sasa pia siwezi, kwa sababu kumbukumbu za nani alikaa kiti kipi ziko kwao. Huo ndio ubaya wenyewe. Makato unayaona, lakini roboti, yaani programu ya kompyuta inayocheza badala ya mtu, huioni. Mtu akinishinda, kampuni inapata makato yake tu, lakini roboti ya kampuni ikinishinda, fedha yangu yote inabaki kwa kampuni. Na roboti haina haja hata ya kuiba dadu. Inatosha anayepanga meza ajue leo nikaliane na dhaifu ili nipate moyo, na kesho nikaliane na asiyekosea. Ndiyo maana Marekani jambo hili limefika mahakamani. Kampuni ya AviaGames, yenye michezo ya karata na bingo ya fedha, ilishtakiwa na wachezaji mwaka 2023 wakidai walikuwa wakikutanishwa na roboti huku wakiambiwa ni watu. Februari 2024, katika kesi nyingine iliyohusu hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, baraza la wazee wa mahakama huko San Jose liliiamuru iilipe mshindani wake, Skillz, dola milioni 42.9. Skillz ni kampuni ya michezo ya fedha pia, na katika kesi hiyo nayo ililalamikia roboti. Kama kampuni tajiri yenye mawakili inalazimika kwenda mahakamani kutafuta ukweli huu, kijana wa Mbagala ataupataje?

Baba sikumwambia hadi leo. Nilimwambia ada imepanda. Akauza na gunia jingine ambalo alikuwa akilingoja bei.

Na niseme na hili, maana linatoka kapu moja. Hizi meseji za kualika watu kucheza zinazokuja kwa namba fupi, nani aliwapa ruhusa? Ramadhani iliyopita simu yangu ililia baada ya tarawehe, "umepewa bonasi ya 2,000, cheza sasa". Nilituma neno la kujiondoa, ikanikata hela ya meseji, na keshokutwa ikaja nyingine kwa namba tofauti. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyenisomea. Na hiyo bonasi wala haitoleki. Ni ya kuchezea tu, na inakwisha baada ya siku chache.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo na sheria ipo tangu 2003. Naomba isingoje ubishi wa akili na bahati uishe. Iamuru kwamba juu ya kitufe cha kucheza, kwa Kiswahili na kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa kitufe, pasomeke mambo matatu: mezani kuna ngapi, mshindi anapewa ngapi, kampuni inachukua ngapi. Chini yake kuwe na jumla ya makato yote ambayo mchezaji huyo ameshakatwa tangu ajiunge, nayo isifutike. Kila kiti kinachokaliwa na roboti kiandikwe roboti, na kwenye meza ya fedha roboti isikae kabisa. Na muda wa kila hatua ya kila mpinzani uhifadhiwe, mchezaji akiudai apewe ndani ya siku saba.

Nawe Mhariri, mwandishi wako akirudi kwa yule msemaji, amuulize swali moja tu: katika fedha zote zilizowekwa mezani mwezi uliopita, ngapi zilirudi kwa wachezaji? Jibu lichapishwe ukurasa ule ule mliotumia kuwasifu.

Msomaji wenu,
Mhasibu, Temeke, Dar es Salaam