Urukususu: kwa nini hatukupimii tena robo kilo

Kuanzia mwezi huu, ukija dukani kwetu Marikiti ukaomba robo kilo ya unga wa urukususu kwa matumizi yako mwenyewe, hatutakupimia. Tutakupa pakiti ya gramu 10, tena baada ya kukuuliza maswali mawili matatu. Wateja kadhaa wameshatulalamikia: miaka yote tunanunua hapa, leo imekuwaje? Wana haki ya kuuliza, na jibu lake ni refu kuliko maneno ya kubadilishana huku mizani inasubiri.

Urukususu ndio ule mzizi wa manjano wenye utamu mzito, ambao Wahindi wetu wa hapa mjini wanauita jethimadhi. Watu hununua wa kikohozi, wa sauti iliyokauka na, zaidi ya yote, wa vidonda vya tumbo. Mmoja wa wanunuzi hao ni mama ambaye sisi sote dukani tunamheshimu kama mzazi. Alianza kwa kuchukua gramu 50. Tumbo likatulia, akaongeza. Mwishowe akawa anachukua robo kilo kila mwisho wa mwezi, wala hachelewi. Sisi tulifurahi kama anavyofurahi mwenye duka yeyote. Kumbe ile robo kilo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na tulikuwa tunaipima kwa mikono yetu.

Mwezi wa tatu alimtuma mjukuu wake. Nikamuuliza, mbona bibi hakuja? Akasema bibi miguu haina nguvu, ngazi za nyumbani zinamshinda, usiku misuli ya miguu inambana mpaka analia. Presha yake, ambayo kwa miaka ilikuwa ikitulizwa na kidonge kimoja, ilikuwa imefika 172 kwa 98. Alikuwa ameongezewa dawa ya pili, ile ya kukojoza, lakini presha haikushuka na udhaifu ukazidi.

Kilichomwokoa ni kipimo cha damu. Potasiamu, ambayo kwa mtu mzima inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5, kwake ilikuwa 2.7. Daktari akamuuliza kama anatumia dawa yoyote ya kienyeji. Akajibu hapana, na kwa fikra zake alikuwa mkweli, maana urukususu kwake ni kiungo cha jikoni. Daktari hakuishia hapo. Akamwomba amweleze anachokula na kunywa toka anapoamka hadi anapolala, na ndipo kikatajwa kijiko cha unga na asali, asubuhi na usiku.

Niliposimuliwa hayo nilichukua kijiko cha chai nikakijaza kwa kilima kama anavyofanya yeye, nikakiweka kwenye mizani yetu ndogo. Gramu 4. Vijiko viwili kwa siku ni gramu 8, na ukizidisha kwa siku 30 unapata gramu 240. Ndiyo robo kilo yake.

Sasa tuangalie kilichomo ndani ya gramu hizo 8. Utamu wa urukususu hautokani na sukari bali na kitu kinachoitwa glisirizini, ambacho kwa utamu kinaizidi sukari mara 30 hadi 50. Kiasi chake hubadilika kutoka mzizi hadi mzizi, lakini tukichukua makadirio ya wastani tu, gramu 4 katika kila gramu 100, basi mama yetu alikuwa akimeza miligramu 320 kila siku. Mwaka 2003 kamati ya wanasayansi wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishauri watu wasizidishe miligramu 100 kwa siku kwa wale wanaoitumia mara kwa mara. Kwa hiyo alikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho. Kama mzizi ulikuwa mkali zaidi, basi ni zaidi ya hapo, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuujua mzizi mkali. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote hii ya kuuza, siwezi.

Namna inavyodhuru ni jambo ninalotaka mlielewe, kwa sababu mtu akishalielewa hahitaji kukatazwa. Figo zina milango ya kurudisha chumvi mwilini na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Mwenye ruhusa ya kuifungua milango hiyo ni homoni iitwayo aldosteroni, nayo huifungua kwa kiasi. Lakini ipo homoni nyingine, kotisoli, iliyojaa tele katika damu kuliko aldosteroni, na umbo lake linaweza kuingia katika kufuli ileile. Kinachoizuia ni kimeng'enya kilichokaa pale figoni kama bawabu: kila kotisoli inapofika, kinaigeuza kuwa kitu kisichoweza kufungua mlango.

Glisirizini ikifika matumboni, bakteria wa utumbo huigeuza kuwa asidi inayoingia kwenye damu na kumfunga mikono bawabu huyo. Kotisoli inapita. Milango inabaki wazi usiku na mchana, chumvi inarudi mwilini na kuvuta maji, damu inaongezeka ujazo, presha inapanda, uso na miguu vinavimba. Huku potasiamu inamwagika kwenye mkojo. Na potasiamu ndiyo inayoiwezesha misuli kukaza na kulegea, moyo nao ukiwa ni msuli. Ndiyo maana mtu huanza kwa miguu kuchoka na kubanwa na misuli, na ikishuka zaidi moyo hupoteza mpigo wake.

Hapo pia utaona kwa nini kile kidonge cha pili kilimzidishia udhaifu. Dawa nyingi za kukojoza nazo hutoa potasiamu. Ikawa inavuja kwa matundu mawili.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, aliwatibu wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwa maji mazito ya urukususu. Vidonda vilipata nafuu, lakini baadhi ya wagonjwa wakaanza kuvimba. Tunaona basi kwamba wanaosema urukususu unasaidia tumbo hawakuzua, na mimi siwakatalii. Tatizo ni kwamba kidonda cha tumbo humfanya mtu anywe kila siku kwa miezi, na matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayoharibu. Aliyechemsha kipande cha mzizi kwa kikohozi cha siku nne hana sababu ya kuogopa, ilimradi si katika wale nitakaowataja chini. Na yule anayemeza unga wenyewe anapata glisirizini yote iliyomo, wakati anayechemsha na kuchuja huacha nyingine kwenye makapi.

Wenye ndugu Ulaya waangalie pia pipi nyeusi zinazoletwa kwenye mabegi. Zile za Uholanzi na nchi za kaskazini mara nyingi ni urukususu halisi. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, waliandika habari za mwanamume wa miaka 54 aliyekuwa akila mfuko mmoja hadi miwili ya pipi hizo kwa siku kwa muda wa majuma matatu. Alianguka ghafla mkahawani, potasiamu yake ikakutwa iko chini sana, na akafariki.

Wapo ambao hatutawauzia hata hizo gramu 10, na nawaomba msikasirike. Mwenye presha, hata kama inatulia kwa dawa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo. Anayetumia dawa za kukojoza, au digoksini ya moyo, kwa sababu potasiamu ikishuka digoksini huwa kali kuliko kipimo chake. Anayetumia predinisoloni kwa muda mrefu. Na mama mjamzito: bawabu yuleyule niliyemtaja yuko pia kwenye kondo la nyuma, akimkinga mtoto na kotisoli ya mama yake.

Wengine, pakiti yetu imeandikwa nusu kijiko cha chai kwa siku, kijiko cha kusawazisha si cha kilima, ambayo ni kama gramu moja. Usizidi siku kumi, kisha uache. Ukiona katika siku hizo viatu vinabana jioni, kichwa kinagonga, misuli inabana, moyo unaruka mpigo au unaamka kukojoa mara nyingi usiku, acha siku hiyohiyo ukapime presha na potasiamu. Mwambie daktari neno "urukususu". Kama halijui, mwonyeshe pakiti, tumeandika pia jina la kitaalamu la mmea, *Glycyrrhiza glabra*. Moyo ukiruka mapigo pamoja na miguu kukosa nguvu, usisubiri asubuhi.

Kuna wanaosema watakula ndizi na kunywa maji ya madafu ili kurudisha potasiamu, huku wanaendelea na unga. Haifai. Unajaza ndoo iliyotoboka. Wala usinunue vidonge vya potasiamu kwa shauri lako, maana ikizidi nayo husimamisha moyo. Dawa ya kwanza ni kuacha, na kuwa na subira: ile asidi hukaa mwilini, hivyo bawabu harudi kazini siku moja. Presha inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kushuka.

Kwa wenye vidonda vya tumbo, nendeni mkapime bakteria wa helikobakta kabla ya kuja kwetu. Akikutwa, kuna mchanganyiko wa dawa wa wiki mbili hivi unaomwondoa, na huna haja ya kunywa chochote mwaka mzima. Zipo pia dawa zilizotengenezwa kwa urukususu uliotolewa glisirizini. Hizo hazina hatari hii, ila sisi hatuziuzi, na unga wetu si huo.

Mama yetu aliacha unga, akapewa potasiamu hospitalini chini ya uangalizi, ile dawa ya kukojoza ikaondolewa. Wiki ya tatu alipanda ngazi za kwao mwenyewe. Presha ilikuwa 138 kwa 84, na kidonge ni kilekile kimoja cha zamani. Alipokuja dukani nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa naona ni kitamu tu, kitanifanya nini?"

Aliyenunua kwetu robo kilo au zaidi na bado anao nyumbani aurudishe, hata kama umefunguliwa. Tutaupima uliobaki na kukurudishia pesa zake. Tuko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, na mashine ya presha sasa iko mezani karibu na mizani. Kuipima hatutozi.