Mwanangu Ngoie, andikia ule mama wa erashi kesho asubuhi

Mwanangu Ngoie,

Jana ulipofika hapa Katuba na ule mufuko wa bic na makaratasi ya soko la ajira ya kwenu pale Kassapa nilifurahi, lakini ukamwaga kadi sita za watu wa makampuni juu ya meza na nilipokuuliza "huyu mulisema nini?" uliweza kunijibu juu ya mbili tu, zingine nne ukaanza kuangalia dari. Usiku umeme ukakatika, nikakaa kando ya mbabula nikaona heri nikuandikie, juu ukiwa mbele yangu unanisikia na sikio moja na lingine liko kwa simu.

Unajua toka 2006 mpaka 2017 nilikuwa sekretere kwa biro moja ya kutafutia watu kazi hapa mjini, jina lake tuache. Wewe unajua paka kwamba nilikuwa narudi nimechoka, haujui nilikuwa nafanya nini. Kila kisha soko kama hilo patron alikuwa anarudi na makartoni ya sivi, siku moja nilihesabu mpaka 300 nikaacha. Zile karatasi zilikuwa zinakaa chini ya dirisha mpaka vumbi inazishika, na si ubaya wa roho, ni kwamba karatasi 300 zote zinasema "mwenye bidii, anajua kufanya kazi na wengine" na hakuna hata uso moja unaokumbuka. Watu waliokuwa wanaitwa ni wale walioandika wenyewe kisha siku moja ao mbili, na tena si wote.

Patron alikuwa anasoma barua kwa simu, ananinyooshea, ananiuliza "huyu njo nani?" Alikuwa anaona kichwa cha barua na misitari miwili tu. Akikumbuka uso anafungua, asipokumbuka anapita. Kulikuwa kijana moja wa Kipushi alianza hivi: "Miye njo ule uliyeniuliza kama naogopa kushuka chini ya ardhi, nikakujibu naogopa choo cha bweni kuliko." Patron alicheka peke yake ndani ya biro, akasema "niitie huyo." Kazi hakupata siku ile, nafasi ilikuwa imekwisha jaa, lakini kisha miezi mitano mahali pengine pakafunguka na jina lake njo lilitoka la kwanza kichwani.

Sasa ya kwako. Nilichukua ile kadi ya ule mama wa erashi anayetafutia kampuni yake watu, ile uliyoandika nyuma na bic, "pampu, Kolwezi, stazhi mwezi wa 7". Hapo ulifanya vizuri sana na pengine haukujua. Yule mama aliongea na watu mia siku ile, weye uliongea naye juu ya pampu za kutoa maji kwenye mugodi, na ulimwambia juu ya kazi yako ya kumaliza masomo, zile ruleman zilizokuwa zinaungua mbio juu aksi ya mota na aksi ya pampu havikuwa kwenye musitari moja. Hiyo njo kamba, shika hapo. Usimwandikie kwamba ulifurahi kukutana na kampuni yao kubwa yenye sifa, wote watamwandikia hivyo, atafuta.

Miye ningeandika hivi, weye utaiweka kwa kifaransa kizuri cha biro juu kule wanasoma kifaransa:

Kichwa cha barua: *Soko la ajira Kassapa, siku ya kazi ine: elektromekaniki, ruleman za pampu, stazhi mwezi wa 7*

*Madam,*

*Kazi ine asubuhi tuliongea kwenye meza yenu juu ya pampu za kutoa maji, ni miye niliyekueleza juu ya ruleman zilizokuwa zinaungua kwa sababu mota na pampu havikuwa kwenye musitari moja. Uliniambia timu yenu ya matengenezo ya Kolwezi inachukua wanastazhi mwezi wa 7.*

*Namaliza mwaka wa mwisho wa elektromekaniki. Katika kazi yangu ya kumaliza nilifuata pampu tatu, nikapima kabla na kisha kuzinyoosha, naweza kukutumia kurasa mbili za matokeo kama zitasaidia timu.*

*Naomba kujua kitu kimoja: dosie ya stazhi niitume kwako ao niipitishe kwenye portali yenu? Sivi yangu iko hapa.*

*Ngoie K., namba ya simu*

Basi. Isome kwa sauti, haifiki dakika moja. Angalia ile swali ya mwisho, ni moja tu na mutu anaweza kuijibu na kidole gumba akiwa ndani ya gari. Ukimuuliza "kuko kazi?" unamulazimisha aseme hapana, juu yeye hana kazi mufukoni, kazi inafunguliwa na chef wa matengenezo, yeye anatafuta tu watu wa kuijaza. Lakini "nitume wapi" anaijua na atakujibu, na akisha kukujibu mara moja kuna uzi kati yenu.

Sivi itume kwa pidiefu, na ile jina ya fishie uibadilishe leo leo, niliona kwa simu yako imeandikwa `CV final final 2.pdf`, mutoto wangu! Weka `CV_Ngoie_K_Electromecanique.pdf`. Na usitume foto ya sivi uliyopiga na simu, biro nyingi siku hizi zinaingiza sivi ndani ya mashini, mutu anaandika neno "elektromekaniki" na mashini inamuletea wale wenye hilo neno, foto mara nyingi mashini haiisomi, utakuwa ndani lakini hakuna atakayekuona. Na jina la yule mama ulikopie kutoka kwa kadi herufi kwa herufi. Nilishaona barua nzuri kabisa, mutu wa diplome ya juu, ndani imebaki jina la kampuni ingine aliyoandikia kabla. Patron hakukasirika hata, aliifunga tu.

Saa nayo uiangalie. Kadi inaonyesha biro yake iko Kinshasa, alikuja huku kwa ajili ya soko. Sisi wa Lubumbashi tuko mbele yao saa moja, ukituma saa mbili asubuhi ya hapa kule ni saa moja, inamungoja akifungua kompyuta, ni vizuri. Ila akikwambia "nipigie saa tisa" muulize saa tisa ya nani, mutoto wa jirani alikosa mahojiano hivyo hivyo, alipiga wenyewe wakiwa bado kwenye mukutano, alipopiga tena wakawa wameita mwingine.

Kwa Wasapu, ndiyo, namba iko kwa kadi, lakini usianze na hiyo na usitume sauti ya dakika tatu. Kama hajakuandikia yeye kwanza kwa Wasapu, imeili njo mulango. Kwa Linkedini unaweza kumuomba siku ile ile ya imeili, maneno mawili tu, "ni miye wa ruleman, nimekuandikia leo kwa imeili", juu pale nafasi ya kuandika ni kidogo sana.

Sasa asipojibu. Utaniletea uso wa matanga, nakujua. Ngoja siku saba ao nane za kazi, usihesabu posho na siku ya Mungu. Kisha ufungue ile barua yako ya kwanza uijibu hapo hapo, usianze ingine mupya, ili ya zamani ibaki chini asianze kutafuta. Misitari mitatu: niliandika tarehe fulani, swali langu lilikuwa hili, bado niko tayari kwa mwezi wa 7. Usiandike "sijui kama uliona barua yangu", aliiona. Akinyamaza tena usiandike ya tatu ya kuomba. Hapo unangoja mpaka uwe na kitu cha kusema, mufano siku utakapotetea ile kazi yako unamwambia "nimetetea, zile kurasa mbili njo hizi." Kisha hapo kila miezi miwili mitatu, na kila mara na kitu, stazhi uliyomaliza, mashini mupya uliyojifunza. Kama hauna kitu, nyamaza, kuna wale waliokuwa wanatuandikia kila kazi moja "habari ya wiki", patron alishaweka barua zao kwa sanduku peke yake na hakulifungua.

Akijibu, soma vizuri anasema nini. Akisema "tumetunza dosie yako", hiyo ni hapana ya heshima kwa leo, jibu asante na uweke kwa kalenda miezi mitatu. Akisema "postule kwenye portali", usikasirike ukidhani amekufukuza, fanya siku ile ile, ikisha kukupa namba ya dosie umurudishie ile namba kwa musitari moja. Hapo watu wengi wanakosea, wanapostule na wananyamaza, na yeye hana njia ya kujua kwamba jina moja kati ya mia nne ni lile la ruleman. Na ile namba tu inamupa nguvu ya kwenda kwa chef wa Kolwezi aseme "fungua hii."

Na mutu yeyote akikupigia simu anasema ametoka kwa yule mama, dosie yako imepita, inabaki tu ya kulipa "pesa ya kufungua" kwa simu, kata. Sisi hatukuwahi kuomba mutu hata faranga moja, anayelipa biro ni kampuni. Kama una mashaka andikia imeili iliyo kwa kadi umuulize, ndiyo maana kadi haitupwi.

Zile kadi nne ambazo haukumbuki kitu usiziandikie uongo wa "mazungumzo yetu mazuri". Waandikie tu kwamba mulionana, na swali moja la kweli juu ya kazi yao, ao uache. Miye ningeacha mbili.

Nitumie ile barua kwa kifaransa leo usiku kabla haujaituma, umeme ukirudi nitaisoma. Na posho ukuje, kuko bukari na lengalenga, ulete na ile kadi, juu bic yako imeanza kufutika nyuma na nataka tuyaandike yale maneno kwa kaye kabla hayajaisha.

Mama yako